Maneno ya Chini ya Picha za Edina

Nilikuwa napasua kuni uani, simu ikalia, nikachungulia, nikaona Edina ametuma picha ya nyanya.

Edina huyuhuyo, rafiki yangu, niliyemwosha kwa mikono yangu mwezi wa Februari, mvua ikitutwanga, nikamfunga kitambaa kichwani, nikalia mpaka sauti ikakauka. Sasa ni Julai, baridi ya kukata masikio, na marehemu ananitangazia nyanya. Jina lake juu, sura yake pembeni kwenye kile kiduara, na maneno yake chini ya picha: "Zimechumwa leo umande ukishakauka. Za duara, ngumu, zimeanza tu kupata rangi, zitaiva zikiwa mezani kwako. Boksi la juu na chini ni ndugu, halina wachumba juu na mashemeji chini. Mwaga uone."

Shoka lilinidondoka. Nikasema, Mungu wangu, au ndiyo nimeanza wazimu? Nikaangalia tena. Chini yake wanunuzi wa mjini Luanshya wameshajibu, wanacheka, wanaagiza. Hofu ikaniisha, ikaja hasira. Mimi nikikasirika siendi njia ndefu: nikavua viatu, nikavuka kijito, nikapanda upande wa pili kwa BashiKunda, yaani Baba Kunda, mume wa Edina.

Nilimkuta amekaa juu ya boksi tupu, simu ya mkewe mapajani, anaichungulia kama mtu anayetoa mwiba.

"Wewe Laxon!" nikamwita jina lake la kuzaliwa, jambo ambalo huku Mpongwe humfanyii mwanaume mwenye mtoto mkubwa isipokuwa umechoka naye. "Unacheza na maiti?"

"Karibu, shemeji."

"Sikaribii! Nani ametuma ile picha?"

Akafuta kioo cha simu kwa kidole. Halafu akasema, "Nyanya zimeiva, shemeji. Zilitaka kuuzwa."

"Ziuze! Ziuze kwa jina lako, una mdomo, una vidole!"

"Mimi sijui kuandika kama yeye."

Na hilo lilikuwa kweli, nisimwonee. Laxon Chibuye anajua kulima. Mpe bonde lolote lenye maji, atakutolea nyanya wakati wengine wanatolewa jasho. Lakini maneno hana. Hata siku ya kumchumbia Edina, maana walikuja kupitia kwangu, alikaa muda wote akiangalia magoti yake, akasemewa na wajomba. Edina ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba. Wakulima wengine wa huku walikuwa wanauza kwa madalali wanaokuja na malori yao, wanapewa bei ya kuonewa. Edina akasema hapana. Akanunua simu ya picha, akaingia grupu moja la wauzaji na wanunuzi wa mboga, mimi akanivuta na kabichi zangu, na huko akawa malkia. Kila uchumaji alipiga picha, akaandika maneno, na akina mama wa sokoni Luanshya walikuwa wanayasubiri yale maneno kuliko nyanya zenyewe. Wakishaagiza, maboksi yalipakiwa kwenye lori la mchana, jioni yamefika. Hakuna aliyelazimika kuja mpaka shambani.

Kwa hiyo hawakujua. Katika grupu lile, wa kijiji chetu tulikuwa mimi na yeye tu. Alipokufa ilikuwa masika, hakuna nyanya, nyumba yake ilikaa kimya kwenye simu kama inavyokaa kila masika, na mimi sikuwa na moyo wa kwenda kutangaza msiba katikati ya bei za vitunguu.

"Picha hii ni ya lini?" nikamuuliza.

"Mwaka jana. Zote zimo humu. Na maneno yake yamo. Nayanakili herufi kwa herufi."

"Na wakimjibu?"

Akanionyesha. Mnunuzi wake mkubwa, mama mmoja tunayemwita Nampundu kwa sababu amezaa mapacha, alikuwa ameandika: "Mama Kunda! Nilidhani umetoroka na mwanaume mwingine. Huyo mzee wako bado anakoroma?" Na jibu limeshaenda: "Anakoroma mpaka nyanya zinaiva kabla ya wakati."

"Umelitoa wapi hilo?"

"Ni la kwake. Alimjibu hivyo mwaka juzi. Nimetafuta nusu ya asubuhi mpaka nikalipata." Akatabasamu, na tangu mazishi sikuwa nimemwona akitabasamu. "Nampundu amecheka sana. Ona, ameweka vichwa vinavyotoa machozi."

Nilitaka kumtukana, nikakuta tusi halipo. Mtoto wao Kunda yuko migodini Solwezi, anapiga simu siku akikumbuka. Nyumba ile ilikuwa na sufuria moja jikoni, imepikiwa ubwali, ugali wetu wa huku, ukaungua, na mtu akaukwangua akala hivyohivyo. Nikaondoka nikinung'unika. Kesho yake nikampelekea kisamvu cha karanga, nikamwambia asinizoee.

Basi ikawa hivyo. Kila alipochuma, Edina alifufuka. Laxon alichagua picha ya zamani, akanakili maneno, akatuma, halafu akakaa kwenye boksi lake akisubiri. Na wale akina mama, jamani, hawakuwa wanaagiza tu. Walikuwa wanamsimulia Edina mambo yao. Mmoja kagombana na wifi. Mwingine mguu unavimba. Nampundu anamwozesha binti, anataka ushauri mkwe adaiwe ng'ombe au asidaiwe. Laxon alirudi nyuma kwenye mazungumzo ya zamani kutafuta kama Edina aliwahi kusema chochote kuhusu wakwe.

"Hakusema," akaniambia siku hiyo kwa huzuni, kama vile Edina angejitokeza mlangoni aulizwe. "Nimjibu nini, shemeji?"

"Mwambie umelala."

"Mchana?"

"Wanawake tunachoka, Laxon. Mwambie umelala!"

Nilikuwa nimeshaingia kwenye wazimu wake na mimi. Na nikwambie ukweli, kuna asubuhi nilikuwa nasikia simu inalia, naona jina lile, na kabla akili haijafika moyo unaruka kwa furaha. Nilimchukia kwa hilo, na nilikuwa nasubiri siku ya kuchuma.

Lakini nyanya haina siri. Nyanya itakusema tu.

Bonde la kwanza Laxon alikuwa amepanda mbegu alizoacha Edina kwenye kopo, zile za duara alizozizoea. Hazikutosha bonde la pili. Akaenda dukani Mpongwe mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote, akasema, "Nipe za nyanya," kama mtu anayeomba chumvi. Edina angeuliza ni za aina gani, angesoma pakiti mbele na nyuma, angemtia jasho muuza duka. Laxon alipewa pakiti akaweka mfukoni. Nyanya zilipoanza kukua, zikawa ndefu, zile za umbo la yai. Nyanya nzuri, usinielewe vibaya. Ndefu ina nyama nyingi, maji machache, inavumilia barabara mbovu. Lakini mama wa sokoni anayeuza kwa mafungu anataka duara kubwa, maana mteja wake anaangalia fungu lilivyojaa. Ndefu anaziita za mahoteli.

Bonde la kwanza lilipokwisha, akachuma la pili. Akatafuta kwenye simu picha ya Edina yenye nyanya ndefu. Haikuwepo. Edina hakuwahi kupanda ndefu.

Nilimwambia, nakumbuka niliposimama, "Shemeji, usitume ya duara."

"Nyanya ni nyanya," akasema. "Wataelewa."

Akatuma picha ya duara. Na maneno: "Za duara zilezile mnazozijua. Anayemfahamu Mama Kunda haulizi." Nampundu akachukua maboksi yote bila kuuliza, hivyohivyo kama maneno yalivyosema. Lori la mchana likaondoka nayo.

Jioni simu ikapasuka. Nampundu hakuandika, alituma ujumbe wa sauti, na aliutuma mbele ya grupu zima, nyuma yake unasikia soko linavuma. "Mama Kunda! Nafungua maboksi mbele ya wateja wangu, natoa ndefu! Picha duara, maneno duara, kwenye boksi ndefu! Nimekuamini miaka yote hii sijawahi kumwaga boksi lako hata moja. Leo nimeaibika. Kumbe na wewe ni mwizi kama madalali, ila wewe unatuibia huku unatuchekesha!"

Ndugu yangu, grupu likapata chakula. Wale waliokuwa wanacheka naye jana wakageuka. "Hata mimi niliona picha ileile mwaka jana, nikanyamaza." "Utamu wa maneno ndio mtego wenyewe." "Kijiji kikimshinda mtu anakuwa tapeli." Mmoja akasema Edina atolewe kwenye grupu, wengine wakaunga mkono.

Laxon alivuka kijito na viatu vyake miguuni, akaja kwangu amelowa mpaka magotini. Akanipa simu.

"Wanamwita mwizi," akasema. "Shemeji, wanamwita Edina mwizi."

Nikasikiliza sauti yote mpaka mwisho. Nikamwambia, "Si nilikwambia?" Ndiyo, nilisema hivyo. Mdomo wangu unanitangulia. Halafu nikaona uso wake, nikamvutia kigoda.

"Omba radhi," nikasema. "Andika kwamba mbegu zilikosewa dukani. Wamezoea mambo kama hayo. Yatapoa."

Akachukua simu. Akaandika, akafuta. Akaandika, akafuta. Mwisho akaiweka chini.

"Siwezi. Edina asingekosea mbegu. Na angekosea, angesema kabla ya lori kuondoka. Nikiomba radhi kwa jina lake nimekubali kwamba ni yeye."

"Basi sema ni wewe."

Hakuhitaji kujibu, nilijua tunaongea nini. Akisema ni yeye, lazima aseme Edina yuko wapi. Huku kwetu alikuwa ameshazikwa, ameshaliliwa, watu wameshakula ubwali wa msiba wakatawanyika. Kule Luanshya alikuwa hai, ana marafiki, anaulizwa habari za wakwe. Akitaka Edina aendelee kuishi kule, ataishi kama mwizi. Akitaka asafishe jina, itabidi amzike mara ya pili, na safari hii peke yake.

"Hebu fikiria vizuri," nikamwambia. "Nyanya zinaiva."

Zilikuwa zinaiva kweli. Siku zilizofuata nilimwona akichuma, maana nyanya haimsubiri mwenye majonzi. Alipanga maboksi chini ya kivuli cha mabua, akayafunika magunia. Hakuna aliyeagiza. Alikuwa anafungua simu, anasoma matusi yaleyale, anafunga. Za chini zikaanza kulainika, nzi wakaja. Nikamwambia aite dalali, akasema dalali akija ni kukubali kwamba Edina alishindwa. Nikamwita kichwa ngumu. Akasema, "Ndiyo, shemeji."

Kisha asubuhi moja, jua limeshapanda, nikamsikia ananiita kutoka ng'ambo. Mtu yule hajawahi kupaza sauti. Nikaenda mbio.

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Ametoa maboksi juani, amechagua, zilizoharibika amezitupa kwenye shimo. Amekata kipande cha boksi la karatasi ameandika tarehe ya siku ile kwa mkaa, kama wanavyofanya wauzaji wanaotaka kuaminiwa, akakiegemeza kwenye nyanya.

"Nipige," akasema.

"Nikupige?"

"Picha, shemeji."

Nikacheka, na yeye karibu acheke. Nikasimama. Akachukua nyanya moja ndefu, akaishika mbele ili ukubwa wake uonekane, akaangalia simu kama mtu anayesubiri hukumu. Nikampiga. Mkono wake ulionekana vizuri, mweusi wa maji ya majani ya nyanya, yale yasiyotoka kwa sabuni.

Halafu akakaa kuandika. Nilimwachia akaandika, nikaenda nikamwagilia kabichi, nikarudi, bado anaandika. Nikasema nipe nikusaidie. Akasema, "Hapana. Haya ni ya kwangu."

Alipomaliza alinipa nisome. Nayakumbuka yote:

"Nyanya ndefu. Si duara. Zimechumwa wiki hii, umande ukishakauka. Nyekundu, si za kukaa. Nimemwaga kila boksi nikatoa mbovu. Mimi ni BashiKunda. Mke wangu Edina alifariki mwezi wa pili. Picha zote za mwaka huu nilituma mimi na maneno nilichukua kwake. Yeye hakumdanganya mtu. Mwizi ni mimi. Nampundu, maboksi haya chukua bure badala ya yale."

"Ungeweka kitu kidogo cha kuchekesha," nikasema, maana machozi yalikuwa yananijia na sikutaka ayaone.

"Sina," akasema, akabonyeza.

Grupu likanyamaza. Kama umewahi kuwa kwenye grupu la wauza mboga unajua halinyamazi hata kwenye ibada. Siku ile lilinyamaza. Hakuna bei, hakuna kabichi, hakuna kitu. Laxon akaifunika simu, akachukua jembe, akaenda zake bondeni.

Walikuja kesho yake. Kwanza nilisikia lori, halafu nikasikia vilio. Kwetu mtu uliyemkosa mazishini humwachi hivihivi, hata ukisikia mwaka umepita. Unakwenda nyumbani kwake unalia, kama amekufa asubuhi hiyo. Walishukia barabarani, akina mama wa soko zima, vitenge viunoni, wakaja wanalia njia nzima, mbele yao Nampundu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita treni. Akajitupa chini uani kwa Edina, vumbi likamjaa nywele. Nikajitupa na mimi. Nilifikiri nimeshamaliza kumlilia, kumbe wapi.

Laxon alisimama mlangoni na jembe lake mkononi. Nampundu alipochoka kulia akakaa, akajifuta uso na kitenge, akamtazama. Kisha akaanza kumgombeza.

"Mmenizikia rafiki bila kuniambia! Mimi nimekaa nacheka miezi hii yote, namsimulia mambo ya binti yangu, mambo ya ndani! Nilikuwa nacheka na nani mimi?"

Laxon akaangalia magoti yake.

"Na mimi," akasema.

Kicheko kikamtoka Nampundu katikati ya machozi, kikatuambukiza wote, wanawake wazima tumekaa chini kwenye vumbi tunacheka tunalia. "Kwa hiyo wewe mwenyewe ndiye uliyesema unakoroma?" Akasema, "Ndiyo, mama." Tukaangua tena. Siku ile nilimwona Laxon akicheka mpaka meno ya nyuma, na nikasema moyoni, ameponyoka.

Walikuwa wamekuja na unga na samaki wakavu. Tukapika, wakala, wakamwacha na chakula cha wiki nzima. Maboksi Nampundu hakuyachukua bure, alikataa kwa matusi. Akasema ndefu zitakwenda kwa wapishi wa mgodini, na zikija nyingine atazichukua pia, mradi aseme ndefu. Jina la Edina wakalisafisha palepale, kila mmoja kwa mdomo wake, na jioni kwenye grupu wakalisafisha tena kwa maandishi. Lori likaondoka limejaa.

Basi hadithi ingekuwa nzuri ingeishia hapo, na ninaposimulia kanisani ndipo ninapoishia.

Laxon anauza vizuri sasa. Anapiga picha mwenyewe, anaweka tarehe, anaandika maneno yake makavu: ndefu, zimechumwa leo, maboksi kadhaa. Nyanya hazilali. Lakini yule ni mwanaume aliyefiwa, na kwetu mwanamke mwenye heshima hamtanii mwanaume aliyefiwa na mkewe, hasa mume wa rafiki yake. Nampundu sasa anamwandikia, "Habari za kazi, baba. Naomba maboksi. Asante, baba." Hakuna wifi. Hakuna mguu unaovimba. Binti ameolewa, na Laxon alijua hilo kwa kuona picha.

Juzi nilivuka kumpelekea viazi. Alikuwa ametoka kutuma picha, amekaa kwenye boksi lake, simu mapajani. Ikalia. Akasoma, akaandika neno moja, akaiweka chini. Maagizo yote yalikuwa yameshaingia kabla sijakaa.

"Siku hizi inakwenda haraka," nikasema. "Unashukuru?"

"Nashukuru, shemeji." Akaichukua tena simu. "Zamani nilikuwa nikituma, kuna watu kule wanamsubiri. Wanauliza Mama Kunda yuko wapi mbona kimya. Nilikuwa naogopa, lakini kuna mtu anamsubiri." Akaangalia bondeni. "Sasa wote wanajua. Hakuna anayemsubiri tena, ni mimi tu."

Nilikaa chini karibu yake nikaanza kumenya viazi.